Kadi moja ya kliniki ya Tanga, fomu mbili za ugenini: uilinganishe kwa jina la chanjo au kwa jina la ugonjwa?

Familia nyingi za Tanga zina watu pande mbili. Kuna ndugu walioko Mombasa, ambako unafika kwa kuvuka mpaka wa Horohoro na kutokea Lunga Lunga, na kuna ndugu walioko mbali zaidi, Marekani mathalani, wanaofuatilia karatasi za kumvuta mtoto aende kuishi nao. Huko kote mtoto ataulizwa amechanjwa nini na lini. Na mara nyingi mzazi anachokuwa nacho wakati huo ni picha ya kadi ya kliniki kwenye simu, kwa sababu kadi yenyewe iko kwa bibi yake, kwenye sanduku la nguo.

Hapo zipo njia mbili za kufanya kazi. Ya kwanza ni jina kwa jina: unasoma Penta, ile sindano moja yenye chanjo tano, kwenye kadi, unatafuta Penta kwenye fomu, unaandika tarehe. Ya pili ni ugonjwa kwa ugonjwa: unaivunja kila chanjo katika magonjwa inayokinga, halafu unaipeleka kwenye mstari wa kila ugonjwa na kupima kama tarehe yake inakubalika huko. Ya kwanza ni nyepesi na inatosha kwa Mombasa. Kwa Marekani haitoshi kabisa, na nitaonyesha inavunjikia wapi.

Tuchukue mtoto mmoja wa mfano, tumwite Mwanaidi, aliyezaliwa Tanga mjini tarehe 5 Machi 2019, na tuseme anapelekwa kupimwa akiwa na miaka 6. Hakukosa kliniki hata mara moja. Kadi yake inasomeka kama ilivyo kwenye safu ya kwanza hapa chini, na safu mbili zinazofuata zinaonyesha kila mstari unaangukia wapi kwenye fomu ya kila upande.

| Kwenye kadi ya Tanga | Rekodi ya Kenya | Fomu ya Marekani |
|---|---|---|
| BCG, 06/03/2019 | BCG | haina mstari |
| OPV 0, 06/03/2019 | OPV ya kuzaliwa | haihesabiwi |
| Penta 1, 2, 3: 16/04, 14/05 na 11/06/2019 | Penta, au DPT-HepB-Hib | mistari mitatu: DTP/DTaP, Hepatitis B, Hib |
| OPV 1, 2, 3: tarehe hizohizo | OPV 1, 2, 3 | hazihesabiwi |
| IPV, 11/06/2019 | IPV | Polio, dozi 1 |
| PCV13 1, 2, 3: tarehe hizohizo | PCV | Pneumococcal |
| Rota 1, 2: 16/04 na 14/05/2019 | Rota | haiulizwi tena kwa umri wake |
| MR 1, 10/12/2019 | Surua-Rubella 1 | haihesabiwi |
| MR 2, 08/09/2020 | Surua-Rubella 2 | surua na rubella, dozi 1 |

Kabla ya kulinganisha chochote, picha yenyewe isomeke

Makosa mengi huanzia kwenye picha, wala si kwenye fomu. Kadi imekunjwa mara nyingi, mkunjo umepita juu ya tarehe, na mwanga wa simu umeacha doa jeupe palepale penye mwandiko wa nesi. Ifungue kadi yote, iweke mezani karibu na dirisha, zima taa ya kamera, piga pande zote mbili, na hakikisha jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa vimo ndani ya picha ileile yenye chanjo. Ukipiga jedwali la chanjo peke yake, daktari wa ugenini anaona tarehe tupu zisizo na mwenyewe. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora, na tarehe za kalamu ya wino mwembamba ndizo za kwanza kupotea.

Kuna herufi zinazochanganya hata picha ikiwa safi. OPV na IPV zinatofautiana kwa herufi moja ya mwanzo, lakini OPV ni matone ya mdomoni na IPV ni sindano, na utaona baadaye kwamba tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu upande wa polio. HepB na Hib zinafanana kwa jicho la haraka: ya kwanza ni homa ya ini B, ya pili ni bakteria wanaoleta homa ya uti wa mgongo na nimonia kwa watoto wadogo. Namba 13 kwenye PCV13, chanjo ya nimonia, inahesabu aina za vijidudu zilizomo ndani ya chanjo, haina uhusiano na idadi ya dozi. Na OPV 0 ni dozi kamili ya siku za kuzaliwa, ingawa imepewa sifuri.

Kadi pia ina sehemu ya matone ya vitamini A na dawa ya minyoo. Hizo si chanjo. Kwa kuwa sisi tunasema "matone" kwa polio, kwa Rota na kwa vitamini A, nimeona watu wakiandika tarehe za vitamini A kwenye mstari wa polio, na mtoto akaonekana amepewa polio mara saba. Angalia vilevile safu ya tarehe ya kurudi. Tarehe ya kurudi ni ahadi, na mtoto huenda hakurudi siku hiyo. Inayohesabiwa ni tarehe aliyopewa.

Tarehe isiyosomeka vizuri unaweza kuipima kwa hesabu. Kwa ratiba yetu Penta huanza wiki ya 6 na kurudiwa wiki ya 10 na ya 14, yaani kuna wiki 4 kati ya dozi na dozi. Mtoto asiyechelewa atachanjwa siku ileile ya wiki kila mara. Kwa Mwanaidi, 16 Aprili, 14 Mei na 11 Juni 2019 zote ni Jumanne. Sasa tuseme kwenye picha ile ya tatu inaonekana kama 11/06 au 17/06, kwa sababu mkia wa 1 umepinda. Fungua kalenda ya simu: 17 Juni 2019 ilikuwa Jumatatu. Kwa hiyo 11 ndiyo yenye uzito. Hii haithibitishi moja kwa moja, maana sikukuu au safari inaweza kusogeza siku, lakini inakuambia tarehe ipi ya kwenda kuulizia.

Upande wa Mombasa

Hapa sitakaa sana. Ratiba ya Kenya na yetu ni kama watoto wa tumbo moja: kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, miezi 9 na miezi 18. Majina ni yaleyale, na tarehe zinaandikwa siku kwanza, kisha mwezi, kisha mwaka. Nesi wa Mombasa akiona picha ya kadi ya Tanga anaisoma bila mkalimani. Shule ikiomba rekodi ya chanjo, jina kwa jina inatosha, na ukipeleka picha iliyoprintiwa vizuri pamoja na kadi halisi hujakosea.

Jambo moja tu. Mtu akikuuliza kadi ya manjano mpakani, anataka cheti cha kimataifa cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho ni kijitabu kingine kabisa. Kadi ya kliniki haina chanjo hiyo na haiwezi kusimama mahali pake.

Upande wa Marekani

Hapa fomu ya chanjo hujazwa na daktari aliyeidhinishwa na ubalozi, siku mtoto anapopimwa afya kwa ajili ya viza. Wewe hujazi fomu. Kazi yako ni kumpelekea kadi halisi na karatasi safi inayoeleza kadi inasema nini. Daktari huyo anafuata mwongozo wa CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, na mwongozo huo unauliza maswali mawili kwa kila dozi: inakinga ugonjwa gani, na mtoto alikuwa na umri gani siku hiyo.

Tuanze na Penta, maana ndiyo inayopotea zaidi. Kwetu ni sindano moja ya pajani yenye chanjo tano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na Hib. Huko magonjwa hayo yamegawanywa katika mistari mitatu. Aliyezoea kuoanisha majina anatafuta Penta, haoni, anaona DTP, anaandika tarehe tatu pale na kuendelea. Mstari wa homa ya ini B unabaki mtupu, na wa Hib vilevile. Mtoto aliyechanjwa kikamilifu anaonekana hajaguswa, na ataanzishiwa upya. Njia sahihi ni kuandika tarehe zilezile tatu kwenye mistari yote mitatu. Usihofu ukiona wameandika DTaP badala ya DTP. Ya kwao imetengenezwa kwa vipande vya kijidudu cha kifaduro na ya kwetu kwa kijidudu kizima kilichouawa, lakini dozi za kwetu zinahesabiwa sawa.

Baada ya kuandika, tarehe zipimwe. Mstari wa DTP hauna tatizo: dozi ya kwanza inatakiwa isiwe kabla ya wiki 6, na Mwanaidi alitimiza wiki 6 siku ileile ya 16 Aprili. Dozi zilizofuata zimeachana wiki 4 kamili. Ana dozi tatu halali, na kwa umri wake atahitaji moja ya kuongezea, kwa kuwa ratiba yetu aliyopitia iliishia kwenye tatu. Hib haitamsumbua, kwa sababu mtoto mwenye afya aliyevuka miaka 5 haulizwi tena. PCV ni hivyohivyo.

Homa ya ini B ndiyo yenye mtego. Mwongozo wa CDC unataka dozi ya mwisho isitolewe kabla mtoto hajafikisha wiki 24. Wiki 24 za Mwanaidi zilitimia 20 Agosti 2019, naye Penta 3 alipewa 11 Juni, akiwa na wiki 14. Kwa hiyo dozi mbili za mwanzo zinakubaliwa na ya tatu hairuhusiwi kuwa ya mwisho, na atachomwa nyingine moja. Mzazi anayeambiwa hivyo hukasirika na kuona kliniki ya kwao imedharauliwa. Ukweli ni kwamba ratiba yetu, inayofuata mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani, hutoa dozi mapema ili mtoto akingwe mapema, na pia kwa sababu wiki ya 14 mama bado anahudhuria. Wao wamepanga kwa namna nyingine. Mtoto hakukosewa popote.

Polio ndiyo inayoshangaza watu kuliko zote. Mwanaidi ana dozi nne za matone na sindano moja, jumla tano, na Marekani inahesabu moja tu. Sababu iko kwenye mwaka. Virusi vya polio viko vya aina tatu. Aina ya 2 ya asili ilithibitishwa kutokomezwa mwaka 2015, na Aprili 2016 nchi zote zilizokuwa zinatumia matone zilibadilisha kwa pamoja kutoka matone yenye aina tatu kwenda matone yenye aina ya 1 na ya 3. Matone aliyopewa mtoto wa 2019 hayana aina ya 2, na mwongozo wa CDC unahesabu kuwa amekingwa yule tu aliyepata kinga ya aina zote tatu. Ndiyo maana matone ya baada ya 1 Aprili 2016 hayahesabiwi huko, na IPV, ambayo ina aina zote tatu, inahesabiwa. Kaka yake Mwanaidi, kama alizaliwa 2014 na kumaliza matone yake mwaka huohuo, matone hayohayo kwake yanahesabiwa. Ndugu wawili, kadi zinazofanana, majibu mawili. Kwa Mwanaidi zitahitajika IPV mbili zaidi, ya mwisho ikiachana na iliyoitangulia kwa miezi 6. Hazilazimiki kumalizika zote kabla ya safari. Siku ya kipimo anapewa ile anayostahili siku hiyo, na nyingine inaendelea huko.

Sasa uone kwa nini nilisema O na I ni jambo kubwa. Ukiisoma IPV ya 11 Juni kama OPV kwenye picha yenye ukungu, umemfutia dozi pekee ya polio iliyokuwa imesimama. Ukiisoma OPV kama IPV, umempa kinga ambayo karatasi haiwezi kuithibitisha.

Surua inafuata. Kwetu ni MR, surua na rubella, kwa miezi 9 na miezi 18. Kwao ni MMR, ambayo imeongeza matubwitubwi. MR na MMR si kitu kimoja, na asiandike mtu MMR mahali ambapo kadi imesema MR, kwani atakuwa ameandika chanjo ambayo mtoto hakuipata. Halafu kuna umri: dozi ya surua inahesabiwa kuanzia siku mtoto anapotimiza mwaka. Dozi ya miezi 9 ya 10 Desemba 2019 inaanguka, ile ya 8 Septemba 2020 inasimama kwa surua na rubella. Kwa hiyo atapewa MMR. Kwetu dozi ya miezi 9 ni ya lazima kwa sababu surua huku huwapata watoto wangali wachanga, hivyo mtu asije akaiona kama ilikuwa kazi bure.

Kuna na kampeni. Februari 2024 ilipitishwa chanjo ya surua na rubella kwa watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 5, na Mwanaidi wakati huo alikuwa hajatimiza miaka 5. Kama alichanjwa, ile ni dozi halali ya pili ya surua. Lakini wino wa kwenye kidole ulishafutika, na kama hakuna aliyeandika kwenye kadi au kumpa karatasi, haihesabiwi. Maneno ya mama, hata yawe ya kweli, hayaingii kwenye fomu.

Tetekuwanga, inayoandikwa Varicella, haimo kwenye kadi yetu kabisa. Usiutafutie mstari huo jina la kufanana nao. Kama mtoto alishaugua tetekuwanga, mwambie daktari. BCG, chanjo ya kifua kikuu, nayo ni kinyume chake: iko kwenye kadi, haina mstari kwenye fomu. Usiiache nje ya karatasi yako hata hivyo, kwa sababu mtoto wa umri huu atapimwa kifua kikuu, na ni vizuri daktari ajue lile kovu la mkononi ni la nini.

Tarehe zenye sura mbili

Wamarekani huandika mwezi kwanza. Kwenye kadi ya Mwanaidi, 16/04 na 14/05 haziwezi kugeuzwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 16 wala wa 14. Lakini 11/06/2019 inaweza kusomeka Novemba 6. Na ikisomeka hivyo, Penta 3 inaonekana ilitolewa mtoto akiwa na miezi 8, imepita wiki 24, na homa ya ini B inapita kama imekamilika. Hili ndilo kosa baya kuliko mengine, kwa sababu halina kelele: kila mtu anafurahi, na mtoto anabaki bila dozi anayotakiwa kupewa. Tarehe ya kuzaliwa pia, 05/03/2019, inageuka Mei 3, na umri wote unavurugika.

Dawa yake ni kuandika mwezi kwa herufi kwenye karatasi yako, kila tarehe bila kuruka: 11 Juni 2019, au kwa Kiingereza kama karatasi ni ya Kiingereza. Usiandike dozi ya ngapi kwa hesabu yako mwenyewe. Nakili kadi inavyosema, Penta 3, na pembeni yake magonjwa matano. Kazi ya kukubali na kukataa dozi mwachie daktari.

Mwingine atauliza kuhusu mtoto aliyechelewa, labda alipewa Penta 2 miezi mitatu baada ya ya kwanza. Kuchelewa hakufuti dozi, na hakuna kuanza upya. Kinachofuta ni kuwahi: dozi iliyotolewa kabla ya umri wake au karibu mno na iliyotangulia. Hata hapo wanaruhusu siku 4 za kuwahi, basi siku moja au mbili zisikutishe.

Picha ikishindwa

Kama mstari mmoja hausomeki na hesabu ya wiki haikusaidii, usikisie. Rudi kituo alichochanjwa. Kliniki huandika kwenye kadi na pia kwenye rejesta yake, na mkoa wa Tanga ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo, baada ya Arusha, kuingiza watoto kwenye rejesta ya kielektroniki ya chanjo. Nenda na namba ya kadi, jina kamili la mtoto kama lilivyoandikwa wakati ule, jina la mama, na tarehe ya kuzaliwa. Nenda mapema lakini si asubuhi ya siku ya chanjo, wakati foleni ya akina mama imefika nje. Mwambie nesi waziwazi: "Dada, naomba unisaidie kuangalia Penta ya tatu ya huyu mtoto ilikuwa tarehe ngapi, hapa kwenye kadi pamefutika." Swali la mstari mmoja hujibiwa haraka kuliko kuomba historia yote.

Akiipata, aiandike yeye kwenye kadi, aweke sahihi na muhuri wa kituo. Wewe usiguse kadi kwa kalamu hata kama una uhakika wa tarehe, kwa sababu mwandiko mmoja tofauti usio na sahihi unaweza kumfanya daktari aukatae ukurasa mzima. Halafu piga picha upya, na ile ya zamani ifute kwenye simu ya kila uliyemtumia, zisije zikakutana mbili zenye tarehe tofauti.